Koo Linapojifunga Usiku



Kupaliwa unakujua. Unakunywa chai, mtu anatia mzaha, tone moja linapotea njia, na papo hapo unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Wenzako wanacheka, na hakosi mmoja wa kusema kuna mtu huko anakutaja. Dakika haijaisha umeshasahau na chai inaendelea.

Jioni ya leo nazungumzia kupaliwa kwingine, kunakomkuta mtu amelala, hana kikombe mkononi wala tonge mdomoni. Anashtuka usiku wa manane, anataka kuvuta pumzi, pumzi haiingii. Koo limefungwa kama mlango uliopigwa komeo kwa ndani. Anaruka kitandani, anashika shingo, anakimbilia dirisha. Baada ya sekunde kadhaa mlango unafunguka nusu, hewa inaingia kwa mlio, kisha unafunguka wote. Anakaa chini akitetemeka, na usiku huo halali tena.

Nina shemeji yangu, mume wa dada yangu, dereva wa daladala hapa Dar es Salaam. Ameniruhusu nimsimulie kwa sharti nisimtaje jina wala njia anayopiga. Miezi kadhaa iliyopita, saa saba na dakika kumi usiku, simu yangu iliita. Alikuwa dada.

“Kaka, shemeji yako anakufa!”

Nyuma ya sauti yake nilisikia mlio mwembamba, wa kuvuta, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Nikamuuliza, amesimama au ameanguka? Akasema amesimama, ameshika nondo za dirisha. Midomo au ulimi umevimba? Hapana. Kabla sijauliza la tatu mlio ulikoma, nikamsikia shemeji anakohoa, anatema, kisha anasema kwa sauti iliyokwaruza, “Nimekufa nikarudi.”

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara mbili za mwanzo walinificha.

Asubuhi yake nikaenda. Nilimkuta mama yake shemeji ameshafika tangu alfajiri, amekaa mkekani na tasbihi mkononi. Nikamwamkia, na baada ya kuitikia akaniuliza moja kwa moja: “Mwanangu, wewe ni daktari, lakini hili si jinamizi?” Swali lake sikulidharau, maana ndilo swali la kwanza katika nyumba nyingi. Nikamwambia, mama, jinamizi linamlaza mtu chali, anashindwa kuinua hata kidole, ila pumzi zake zinaingia na kutoka. Huyu mwanao ni kinyume chake. Miguu ilikuwa yake, mikono ilikuwa yake, aliruka mpaka dirishani. Kilichokosekana ni hewa. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi tuambie ni nini.”

Ni hivi. Shingoni mna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Ya chakula, yaani umio, iko nyuma. Ya hewa iko mbele, na mlangoni pake pana zoloto, hicho kikoromeo unachokigusa ukipitisha kidole kooni. Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za sauti. Tunazijua kwa kazi ya kusema na kuimba, lakini kazi yake ya asili ni ulinzi. Kitu chochote kisicho hewa kikigusa ngozi laini ya hapo juu, mshipa wa fahamu unapeleka habari kwenye shina la ubongo, na nyuzi zile zinajibana mara moja, bila kukuomba ruhusa. Ndicho kinachomzuia anayezama asiingiwe maji mapafuni mara ya kwanza tu maji yanapogusa koo.

Mlinzi huyo tunamtaka. Shida ya shemeji ni kwamba mlinzi wake alikuwa amechokozwa mno. Tumboni mna tindikali kali ya kumeng'enya chakula, na mpakani mwa tumbo na umio pana msuli wa duara unaokaza ili isipande. Msuli huo ukilegea, tindikali inapanda. Ikiishia kifuani tunaita kiungulia. Ikipanda zaidi mpaka kooni, hata kama ni tone au mvuke wake tu, inagusa mlango wa zoloto. Leo inagusa, kesho inagusa, ngozi ya pale inavimba kidogo na kuwa nyepesi ya kuhisi. Ikifika hapo, hata kitu kidogo kinatosha kuufunga mlango. Mara nyingi kinachokamilisha kazi ni mafua. Shemeji alikuwa ametoka kuugua mafua makali wiki mbili kabla ya tukio la kwanza, na hilo nililisikia kwa dada, maana mwenyewe aliona halihusiani.

Wapo wasiosikia kiungulia kabisa. Shemeji mwenyewe aliapa hana. Nilipomuuliza kama asubuhi anaamka na ladha chungu mdomoni, kama anakohoakohoa kusafisha koo kabla hajasema, kama anahisi kitu kimekwama kooni ambacho hakishuki wala hakitoki, akanitazama kama mpiga ramli. Yote anayo. Alidhani ni vumbi la barabarani na kelele za kuita abiria siku alizokuwa konda.

Na kwa nini usiku? Mchana umesimama au umekaa, tindikali ikipanda uzito wake unairudisha chini, na kila mara unameza mate yanayoisafisha. Ukilala, tumbo na koo vinakuwa usawa mmoja, mate yanapungua, na kumeza karibu kunakoma. Ongeza sasa ratiba ya shemeji. Gari analirudisha saa nne usiku. Anafika nyumbani saa nne na nusu, dada amemwekea ugali na nguru wa kukaanga, pilipili ya kutosha, na soda baridi. Ni mlo mkubwa kuliko yote ya siku, kwa sababu mchana alikula mandazi mawili kwenye usukani. Saa tano na robo yuko kitandani. Saa saba tumbo bado limejaa, mafuta yamechelewesha chakula kushuka, gesi ya soda inatafuta pa kutokea. Nilipomchorea hesabu hiyo ya saa kwenye karatasi, mama yake alimtazama dada yangu, na ilibidi niwahi kusema kwamba nguru hana kosa wala mpishi hana kosa, kosa liko kwenye saa.

Lakini kabla sijamwambia mtu yeyote “usiwe na wasiwasi”, nina deni la kumuuliza maswali. Faraja inayotangulia maswali ni maneno ya msibani, na mgonjwa analijua hilo hata asiposema. Maana si kila anayeshtuka usiku akikosa hewa ana tatizo la shemeji.

Niliuliza kwanza mlio unatoka wakati gani. Anapovuta, dada akasema, na akauiga. Huo ni mlango wa koo. Mlio wa pumu kwa kawaida unasikika zaidi wakati wa kutoa pumzi, kama filimbi nyingi ndogo kifuani, na hauishi kwa sekunde chache; unaweza kuendelea saa nzima au usiku mzima.

Kisha nikauliza anapokaa wima inachukua muda gani kurudi sawa. Kwake, chini ya dakika mbili na anaweza kuzungumza. Mtu ambaye moyo wake umechoka huamka saa moja au mbili baada ya kulala akihema, akikaa kitako anapata nafuu polepole, pengine kwa nusu saa, na mara nyingi miguu yake imevimba au tangu zamani analalia mito mitatu. Huyo si wa kufarijiwa kwenye redio, ni wa kupelekwa hospitali.

Nikauliza kukoroma. Hapa nilikuwa mkali kidogo, kwa sababu ni dereva. Kuna watu wanaokoroma kwa nguvu, kisha wanakata kimya, pumzi inasimama, kisha wanarudi kwa mguno kama nguruwe pori, mara nyingi kwa usiku mmoja, na wao wenyewe hawana habari. Anayejua ni anayelala kando yao. Mchana wanasinzia, hata kwenye usukani. Dada akasema anakoroma kidogo tu siku za mafua, hakati pumzi. Vizuri. Angejibu vingine ningemsimamisha gari mpaka apimwe usingizi.

Nikauliza dawa anazotumia. Swali hili wengi hulisahau. Zipo dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili na kaptoprili, ambazo kwa watu wachache huvimbisha midomo, ulimi na koo, hata kama wamezimeza miezi mingi bila shida. Uvimbe ule haufunguki kwa sekunde thelathini. Ndiyo maana usiku ule kwenye simu nilitangulia kuuliza midomo. Midomo, ulimi au uso ukivimba, au mwili ukatoka mabaka ya kuwasha huku pumzi inabana, toka muda huohuo uende hospitali.

Mwisho nikauliza yale yanayotaka daktari wa koo aangalie kwa kamera yake: sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu mfululizo, chakula kinachokwama kikimezwa, kupungua uzito bila sababu, kutema damu, au mlio ule ule kusikika hata mchana mtu akiwa ametulia. Hakuwa na hata kimoja.

Baada ya hapo ndipo nikawa na haki ya kumfariji. Sikumwambia “ni hofu tu”. Tafadhali, msikilizaji, usimwambie mtu maneno hayo. Koo lake lilifunga kweli, na ukimwambia ni hofu, umemwambia kwamba hujamwelewa, na lolote utakalosema baadaye hatalisikia. Nilimwambia: koo lako lilifunga kweli, na litafunguka lenyewe. Akataka kujua kwa nini aniamini.

Nikampa sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Vuta pumzi, nikamwambia, ubane pua, tuone. Nikashika saa. Alifika sekunde arobaini na moja akiwa amekaa sebuleni bila mazoezi yoyote. Mkazo huu wa koo mara nyingi unaisha ndani ya sekunde chache mpaka dakika moja. Damu na mapafu yana akiba ya hewa ya kukuvusha hapo, ingawa ni kweli kwamba ukiamshwa ghafla ukiwa umeshatoa pumzi, akiba ni ndogo kuliko ya mtu aliyejiandaa, na ndiyo maana inatisha zaidi. Dada, kwa hofu yake, yeye aliona kama dakika kumi. Nikamwomba, ikitokea tena, abonyeze saa ya simu kabla ya kufanya lolote. Ilitokea tena siku tisa baadaye. Akarekodi video. Tangu shemeji aliporuka kitandani mpaka hewa ya kwanza ilipoingia ni sekunde ishirini na mbili, na mlio ukaendelea kama dakika moja ukififia. Shemeji aliitazama video ile mara tatu. Akasema, “Kumbe ni hiki tu?” Nadhani namba ile ilimsaidia kuliko maneno yangu yote.

Sababu ya pili ni namna msuli wenyewe unavyofanya kazi. Nyuzi za sauti zinabanwa na misuli midogo, na misuli hiyo inahitaji hewa kama misuli mingine. Hewa ya damuni ikishuka, mkazo unalegea. Kwa nadra mtu anaweza kufikia kizunguzungu au hata kuzimia, na hapo misuli inaachia na pumzi inarudi. Mlango huu hauna nguvu ya kujifunga milele. Nilimwambia na hili la kuzimia kwa makusudi, kwa sababu nikilificha na likamtokea, nimekuwa mwongo kwake. Ila aliyezimia kweli lazima akaonwe hospitali hata kama ameamka mzima.

Shemeji akanitolea simu yake. Alikuwa amesoma usiku kucha kwamba mkazo wa zoloto ni dharura na huua. Ni kweli tupu, ila ni habari za chumba cha upasuaji. Wataalamu wa usingizi wanauogopa mkazo huu kwa sababu mgonjwa wao amelazwa kwa dawa, hawezi kuamka akakaa wima, damu au mate yanaweza kuwa yanaendelea kugusa koo, na mara nyingi ni mtoto mdogo mwenye akiba ndogo ya hewa. Jina ni moja, mazingira mawili. Anayesoma kwenye simu saa tisa usiku hawezi kutenganisha hayo peke yake.

Sasa, ufanye nini mlango ukifunga? Hapa nitaenda polepole, wenye karatasi waandike.

Kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni kuvuta pumzi kwa nguvu zote kwa mdomo. Ndicho kibaya kuliko vyote. Chukua mrija laini wa plastiki, ufinye kidogo, kisha nyonya kwa nguvu: unajibana zaidi. Nyonya taratibu: kinapita kitu. Koo lililobanwa ni vivyo hivyo. Kaa wima au simama, inama mbele kidogo, funga mdomo, na vuta kidogo kidogo kwa pua, kama mtu anayenusa karafuu. Kunusa kuna siri yake: unaponusa, ubongo huamuru nyuzi za sauti zitanuke. Ukipata hata hewa kidogo, itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kana kwamba unapuliza chai ya moto. Nusa, puliza. Nusa, puliza. Usihesabu kama hewa ni nyingi, inatosha kuwa inapita.

Jambo hili halifundishwi usiku wa manane. Nilimfanyisha shemeji mazoezi mchana, mara tano asubuhi na mara tano akisubiri zamu kituoni, mpaka mwili ukazoea. Makonda walimcheka, wakamuuliza ananusa petroli ya nani. Siku ya video utamwona sekunde kama nane za mwanzo anahangaika, kisha anakumbuka, anafunga mdomo, anaanza kunusa.

Kuna kitu kingine wataalamu wa usingizi hufanya, alichokiandika daktari mmoja wa Marekani, Philip Larson, mwaka 1998. Nyuma ya ndewe ya sikio, kati ya taya na mfupa ulio nyuma ya sikio, pana kishimo. Weka ncha za vidole vya kati kwenye vishimo vyote viwili, juu kabisa vinapoishia, bonyeza kwa nguvu kuelekea ndani, na wakati huohuo sukuma taya mbele. Inauma, na inapaswa kuuma. Wapo wanaosema iliwafungulia koo mara moja. Mimi simwahidi mtu hivyo, lakini haidhuru, na inampa mwenzi aliye kando kazi ya kufanya badala ya kupiga kelele.

Na huyo mwenzi ndiye ninayetaka kusema naye zaidi, kwa sababu aliyebanwa hawezi kusikia hotuba. Usimpe maji wakati koo limefungwa, yatapotea njia na kuchokoza upya. Maji ni baada, kwa funda ndogo. Usimpige mgongoni. Usimtie vidole mdomoni. Hayo ya kupiga mgongo na kubana tumbo ni ya aliyekwamwa na nyama akiwa anakula, si ya huyu aliyekuwa amelala. Waondoe watu mbele yake, fungua dirisha ukitaka. Na usimkemee “Tulia! Tulia!”, maana hakuna aliyewahi kutulizwa kwa kufokewa. Dada na mimi tulichagua maneno machache, na akayajaribu kwa sauti ya chini, polepole, mpaka yakawa mepesi: “Linafunguka. Nusa. Puliza.” Basi. Anayarudia huku kamshika bega. Kwenye video sauti yake inatetemeka, lakini maneno ni hayohayo.

Likishafunguka, mtu atakuwa anatetemeka, moyo unakwenda mbio, koo linauma. Hiyo ni mabaki, si shambulio jipya. Mwache akae dakika kumi au kumi na tano, ameze maji kidogo, kisha arudi kulala akiwa ameinuka kifua. Msizime taa na kuanza mjadala wa mauti.

Kulizuia lisije ni kazi ya wiki, na ndiyo tiba yenyewe. Shemeji tulibadilisha saa kabla ya chakula. Mlo mkubwa sasa anakula saa kumi na mbili jioni, kwa mama lishe karibu na kituo, kabla ya zamu za mwisho. Akirudi nyumbani anakunywa uji mwepesi au anakula ndizi moja. Lengo ni saa tatu zipite kati ya mlo na kitanda. Soda ya usiku imekwisha, na sigara mbili alizokuwa anazificha nazo zimegundulika katika maswali haya haya. Sigara, pombe na mlo wa mafuta vinalegeza ule msuli wa duara.

Kitanda tulikiinua upande wa kichwani kwa vigogo vya mbao vya sentimita kumi na tano chini ya miguu miwili. Kurundika mito haisaidii sana, inakunja tumbo na kulikamua. Kilichotakiwa ni kiwiliwili chote kiwe mteremkoni. Wiki ya kwanza dada alilalamika kwamba anaserereka kama yuko kwenye jahazi, sasa wamezoea.

Halafu ubavu. Umio unaingia tumboni kwa namna ambayo ukilala kwa ubavu wa kushoto, tindikali inakaa chini ya mlango, na ukilala wa kulia, inakaa juu yake. Kwa hiyo kushoto ni salama zaidi. Najua wengi tumelelewa kulala kwa ubavu wa kulia kwa kufuata sunna, na mama yake shemeji alinikumbusha hapohapo. Nilimjibu kwamba mwanao anaweza kuanza kulala kwa kulia anaposoma dua zake, kisha ageuke. Na kwamba kitanda kilichoinuka kinasaidia kwa ubavu wowote. Akaridhika. Mwezi wa Ramadhani ndio utakuwa mtihani, maana mtu anakula daku na kulala palepale. Wenye tatizo hili wale daku nyepesi, na wakae wima kadiri wanavyoweza baada ya kuswali alfajiri.

Dawa ipo. Kliniki walimwanzishia omeprazoli, miligramu 20, nusu saa kabla ya chakula, na si baada ya kula kama wengi wanavyoimeza. Dawa hii inapunguza ukali wa tindikali, haizuii kupanda, kwa hiyo usiimeze halafu ukarudia nguru wa saa nne na nusu. Na koo linapona polepole kuliko tumbo. Shemeji aliambiwa asubiri wiki nane kabla ya kuhukumu. Wengi wanaacha siku ya kumi kwa sababu hawajaona mabadiliko, au kinyume chake, wananunua duka la dawa mwaka mzima bila kuonwa na mtu. Yote mawili ni makosa. Na dawa za maumivu unazonunua bila cheti, kama diklofenaki, zinaweza kuongeza madhara tumboni. Mwambie daktari kila unachomeza.

Baada ya video ile limemjia mara mbili tu, zote fupi, na zote siku alizorudia kula usiku: moja harusini, nyingine msibani. Mara ya mwisho dada hakuamka. Asubuhi shemeji ndiye aliyemwambia, kwamba lilikuja, akanusa, akapuliza, likafunguka, akalala.

Msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna anayeshtuka hivi, msimfiche kama walivyonificha mimi. Mrekodi video ikitokea, sekunde zake na mlio wake, uende nayo kliniki. Daktari akiusikia mlio ule mara moja atajua aanzie wapi.